Barua ya Kwenda Maretadu

Barua ya Mzee Onesphory Sulle ililetwa na kondakta wa basi. Ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, na juu yake imeandikwa kwa peni nyekundu: KWA MKUBWA WENU. Mimi ndiye niliyeipokea, kwa sababu saa ile nilikuwa napiga deki ngazi za jengo la utawala.

"Dada, hii mpe mkubwa," kondakta aliniambia. "Mzee amesema nisiiweke kwenye buti pamoja na kuku. Ikae kiti cha mbele kama abiria."

Nilicheka kidogo, nikaipeleka kwa Kissa.

Kissa ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali yetu, na ndiye anayeshika dawati la malalamiko. Kwao ni Mbeya. Alipofika huku alishangaa baridi yetu, akasema ya kwao ni baridi lakini haina upepo. Ni mtu wa kuongea na kila mtu. Hata mimi, ambaye watu wengi wodini walikuwa hawajui sauti yangu, alikuwa ananisemesha mpaka nijibu.

Mimi ni mhudumu. Nafagia, napiga deki, naosha vyombo vya wodi ya wanawake waliopasuliwa, na asubuhi nasafisha ofisi za utawala. Jina langu ni Violeth. Kwetu ni Tumati. Shule niliishia darasa la tano, mama alipougua na ng'ombe wakakosa mtu.

Kissa alifungua bahasha na kuanza kusoma kwa sauti, kwa sababu mwandiko wa mzee ulikuwa umelala kama nyasi zilizopigwa na mvua.

"'Mimi ni Onesphory Sulle wa Maretadu. Mke wangu Filomena mlimpasua tezi la shingo mwezi uliopita. Kupasua mlipasua vizuri, sisemi uongo. Lakini siku mbili mlimnyima chakula na maji. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi jioni, hakuna aliyekuja kutuambia neno. Nilileta maziwa ya kwetu ndani ya kibuyu, yakamwagwa. Kibuyu kikarudi kitupu, kinanuka dawa ya choo. Kibuyu hicho ni cha marehemu mama yake. Sasa mke wangu amesema kliniki ya tarehe ishirini na mbili hatakuja, na mimi simlazimishi. Dawa zikiisha zimeisha.'"

Chini kulikuwa na sahihi ya mzee, na pembeni yake dole gumba la wino wa bluu. Mzee alikuwa ameandika: *Hili ni la Filomena, amekubali nimsemee.*

Nilikuwa nimesimama na ndoo mkononi. Niliposikia la kibuyu, nikaiweka chini.

"Violeth, vipi?"

"Hamna kitu, dada."

Nikachukua ndoo na kutoka. Kibuyu kile nilikuwa nakijua. Kilikuwa kirefu, chenye shingo nyembamba, kimefungwa kamba ya ngozi, na mfuniko wake umeshonewa shanga tatu nyeupe. Mimi ndiye niliyekiosha.

*

Ilikuwa hivi. Nilikuwa na wiki tatu tu kazini. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimegombezwa mbele ya wagonjwa kwa sababu ya kikombe kimoja ambacho sikukipitisha kwenye maji ya klorini. Kwa hiyo nilikuwa naogopa kila chombo. Asubuhi ile, saa moja, Mzee Sulle aliingia na kibuyu, akakiweka kwenye kabati la mke wake. Sista Perpetua, msimamizi wa wodi, alipita akakiona.

"Huyu anapasuliwa saa nne! Violeth, ondoa hicho haraka."

Nikaondoa. Nilikipeleka kwenye chumba cha kuoshea, nikamwaga mtindi kwenye sinki, nikakisugua ndani kwa sabuni ya unga na brashi, nikakitumbukiza kwenye klorini kama tunavyofanya vyombo vyote vya wodi. Halafu nikakirudisha.

Mtu wa kutoka kwingine angeweza kusema hakujua. Mimi siwezi kusema hivyo. Bibi yangu ana kibuyu. Najua kwamba kibuyu cha maziwa hakiguswi na sabuni, kinaoshwa kwa maji ya moto tu na kufukizwa kwa kijiti kilichochomwa mpaka ndani kiwe cheusi na kinukie moshi. Sabuni ikiingia, inanyonywa. Maziwa yatakayowekwa humo yatanuka sabuni miezi na miezi. Na najua pia kwamba chombo cha mtu kilichokuja na kitu, kwetu hakirudishwi kitupu. Hata kama huna, unatia chumvi kidogo au mahindi ya kushika mkononi.

Vyote nilivijua. Mikono ilifanya kazi, kichwa kikafika baadaye. Nilipomkabidhi mzee, alitoa mfuniko, akanusa, akanitazama. Nikageuka na kurudi wodini.

*

Baada ya siku chache nilikuta rasimu ya majibu mezani kwa Kissa. Iliandikwa na Mwita, katibu wa hospitali. Mwita kwao ni Tarime, ni mrefu, anavaa koti hata jua likiwaka, na anapenda karatasi zake zikae sawasawa na ukingo wa meza. Kissa alikuwa ameshika rasimu kwa vidole viwili.

"Violeth, weka hilo fagio, kaa hapa. Nisikilize."

"Mimi, dada?"

"Wewe. Mzee Sulle ni mtu wa kwenu. Nataka kujua hii ikifika kule itasikikaje."

Akasoma:

"'Yahusu malalamiko yako. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Uongozi umefanya uchunguzi na kubaini kuwa taratibu zote za kitabibu zilizingatiwa. Mgonjwa alitakiwa kufunga kula kabla ya upasuaji kama inavyoelekezwa. Kuahirishwa kwa upasuaji kulitokana na sababu zilizo nje ya uwezo wa hospitali. Aidha, unakumbushwa kuwa ndugu hawaruhusiwi kuingiza vyakula wodini bila idhini. Kuhusu kibuyu, hakuna kumbukumbu inayoonyesha mtumishi yeyote kuhusika. Nakutakia utekelezaji mwema.'"

Akaweka karatasi chini. "Haya, sema."

Nilitazama mikono yangu. "Utekelezaji wa nini, dada?"

Kissa alicheka mpaka akashika meza. Mwita alikuwa amesimama mlangoni, wala hatukumwona.

"Ndivyo barua za serikali na za taasisi zinavyoishia," alisema. "Tangu mimi sijazaliwa."

"Kaka Mwita, mtu amelalamika mke wake alilala njaa, wewe unamtakia utekelezaji mwema. Atekeleze njaa?"

"Wewe cheka. Barua ikitoka hapa na muhuri, imetoka. Ukiandika 'samahani' kila mstari, kesho mtu anaipeleka kwa wakili."

"Na hii atapeleka wapi? Ataipeleka jikoni, iwashie moto. Na mama hatakuja kliniki. Umesoma faili lake?"

Mwita aliingia, akanyoosha rasimu ikae sawa na ukingo wa meza.

"Tezi lote limetolewa," Kissa alisema. "Lote. Anatakiwa kumeza kidonge kila siku maisha yake yote. Tulimpa vya miezi miwili. Tarehe ishirini na mbili ndiyo apimwe damu, tujue kipimo cha dawa kinamtosha, apewe vingine. Asipokuja, vikiisha ataanza kuchoka, kuvimba uso, kusikia baridi hata juani. Watasema amezeeka. Mpaka aanguke."

Nje mtu alikuwa anaita namba za wagonjwa. Nilihesabu siku kichwani. Zilikuwa zimebaki kumi na mbili.

"Basi andika wewe," Mwita alisema. "Lakini kila neno liwe kweli. Mimi nitasoma kwa kalamu nyekundu."

*

Kissa hakuanza kuandika. Kwanza alizunguka na daftari lake. Alikwenda chumba cha upasuaji akaangalia kitabu chao. Alikwenda wodini akaangalia kitabu cha ripoti ya wauguzi. Alifungua faili. Mimi nilimwona kila mahali maana nilikuwa na deki yangu kila mahali.

Kesho yake mchana aliniita tena. Alikuwa ameandika rasimu ya kwanza, naye ameridhika nayo. Mwita alikaa upande wa pili na kalamu yake.

"'Mzee wetu mpendwa, shikamoo,'" Kissa alisoma. "'Barua yako imetuumiza sana mioyo. Tunakuomba radhi kwa kumnyima Mama chakula siku mbili. Tunakuahidi kwamba jambo hili halitatokea tena kamwe kwa mgonjwa yeyote.'"

"Simama hapo," Mwita alisema. "Utaahidije? Mama mjamzito akiletwa anatoka damu, utamwambia subiri kuna mtu amefunga? Tuna mtaalamu mmoja wa dawa za usingizi kwa siku nyingi za wiki. Itatokea tena. Labda Alhamisi hii."

Kissa alikunja uso. Akakata mstari.

"Na siku mbili si kweli. Wewe mwenyewe umeona kitabu."

"Mzee ndivyo alivyoona."

"Mzee aone. Sisi tumeandikiwa saa. Ukikubali jambo ambalo halikuwa, halafu binti yake, ambaye faili linasema ni mwalimu, akaja akaomba kuona kitabu, atasema hawa walikuwa wanatubembeleza tu."

Nilidhani Kissa atakasirika. Badala yake alivuta kiti. "Haya. Saa zenyewe ni hizi. Aliacha kula saa sita usiku wa kuamkia Jumanne. Alipangwa saa nne asubuhi. Saa tatu na nusu ikaingia dharura ya mama mjamzito. Saa sita mchana ikaingia nyingine. Saa nane, daktari akaamua Mama Filomena asogezwe kesho, maana upasuaji wa shingo ni mrefu, haufai kuanza jioni na mtu mmoja wa usingizi. Imeandikwa pale pale, saa nane. Chakula alipewa lini?"

"Saa kumi na mbili jioni," Mwita alisema taratibu.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo saa nne nzima kulikuwa hakuna sababu ya yeye kukaa na njaa."

"Hakuna aliyebeba habari kutoka chumba cha upasuaji kwenda wodini. Saa kumi na nane jumla. Kumi za mwanzo zilikuwa za lazima, nyingine zilikuwa za dharura, lakini nne za mwisho ni zetu. Ni kosa letu, kaka Mwita. Na maji, angeruhusiwa maji matupu hadi zibaki saa mbili kabla ya kupasuliwa. Sisi tulimwambia asiguse kitu."

Mwita aligonga kalamu mezani. "Hayo andika. Hayo ndiyo kweli. Kuhusu maziwa?"

"Maziwa tulikuwa sahihi kumzuia. Maziwa yanahesabiwa kama chakula. Mtu akilazwa usingizi na maziwa tumboni yanaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Lakini kuna aliyemweleza mzee? Hakuna. Aliona tu kibuyu kinaondoka."

"Na kibuyu?"

"Kibuyu..." Kissa alifungua daftari. "Nimemuuliza Sista Perpetua, anasema hakumbuki. Kitabuni hakipo. Hapo nadhani mstari wako ubaki. 'Hakuna kumbukumbu inayoonyesha mtumishi kuhusika.'"

Nilikuwa nimesimama dirishani nafuta vioo. Mlima Hanang ulikuwa umevaa wingu kichwani kama kila mchana wa msimu ule. Nilifuta kioo kimoja, nikafuta tena kilekile.

Nilijua barua ile itafikaje. Mzee ataisoma kwa sauti, mama atakuwa amekaa pembeni ya moto na kitambaa shingoni. Watasikia kuhusu saa, kuhusu dharura, watatikisa kichwa, pengine watasema sawa. Halafu watafika kwenye kibuyu. Mzee aliniona kwa macho yake nikimkabidhi, akakipokea kwa mikono yake. Akisoma kwamba hakuna mtu, basi na yote ya juu yatakuwa uongo.

"Ni mimi," nilisema.

Hawakusikia. Mwita alikuwa anasema kitu kuhusu muhuri.

"Ni mimi niliyeosha kibuyu."

Wote wawili waligeuka. Nilikuwa nimeongea na kioo, ikabidi nami nigeuke. Nikawaeleza. Maneno yalitoka moja moja, na katikati nilisimama mara mbili, lakini yalitoka: sinki, sabuni ya unga, brashi, klorini. Nikawaeleza kuhusu moshi, na kwamba chombo hakirudi kitupu.

"Kwa hiyo njaa siyo iliyomuudhi," Kissa alisema.

"Njaa imemuudhi, dada. Lakini njaa imekwisha. Kibuyu bado kiko nyumbani kinanuka."

Mwita alikuwa ameacha kugonga kalamu. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini uliosha?"

"Niliogopa kikombe," nilisema, nikaona machozi yanakuja, nikatazama juu.

Mwita hakuelewa habari za kikombe, lakini Kissa alielewa, kwa sababu siku ile alikuwepo. Akatoka bila kusema, akarudi na Sista Perpetua. Nikawaza nitamwambia nini mama kule Tumati, kwamba kazi imekwisha kabla ya kununua hata bati moja la nyumba yake.

Sista Perpetua ni mnene, anatembea kama mtu aliyebeba trei. Alisikiliza yote akiwa amesimama. Halafu akakaa.

"Mimi nilisema 'ondoa'," alisema. "Sikusema umwage. Wala sikusema usimwage. Nilikuwa na wagonjwa ishirini na sita na muuguzi mmoja." Akanitazama. "Na kikombe kile nilikugombeza mbele za watu. Hilo halikuwa sawa."

"Sista, samahani."

"Samahani ni kwa mwenye kibuyu. Mimi mama yangu alikuwa nacho kama hicho, kule Dareda. Angenipiga nacho kichwani." Akamgeukia Kissa. "Andika kwamba wodi ilikosea. Usiandike jina la mtoto huyu. Amri ilikuwa yangu."

"Jina haliandikwi la mtu yeyote," Kissa alisema. "Hata la wale wajawazito halitajwi, ni siri yao."

"Ila liandikwe kwamba ni mtumishi wetu," Mwita alisema. Akavuta rasimu yake ya zamani, akapiga mstari mwekundu mrefu juu ya *hakuna kumbukumbu*. "Hii ingetuaibisha."

*

Tuliandika mchana ule hadi jua likahama ukuta. Nasema tuliandika, lakini aliyeandika ni Kissa. Anasoma mstari, ananitazama. Nikikunja uso, anauliza. Nikisema "hapo sijaelewa," anakata. Neno *kuahirishwa* lilibaki, *sababu zilizo nje ya uwezo* likatoka. Mwita alitaka *aidha* ibaki angalau moja.

"Ya nini?" Kissa alimuuliza.

"Kumbukumbu."

"Kaka Mwita, kaoe, uache kupenda maneno."

Mwisho ikawa hivi:

*Mzee Onesphory Sulle na Mama Filomena, shikamooni.*

*Tumepokea barua yenu. Tunashukuru mmetuandikia, kwa sababu tulipoifuatilia tumekuta mambo ambayo tulipaswa kuyaona wenyewe.*

*Mama aliacha kula saa sita usiku. Hilo lilikuwa la lazima. Mtu akilazwa usingizi akiwa na chakula tumboni, hata maziwa, yanaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na hiyo ni hatari kwa maisha. Ndiyo sababu maziwa yako yalizuiwa. Tulipaswa kukueleza palepale. Hatukukueleza, na tunaomba radhi.*

*Asubuhi ile zililetwa dharura mbili, moja baada ya nyingine, za watu ambao wasingeweza kusubiri. Saa nane mchana daktari aliamua Mama apasuliwe kesho yake. Tangu saa hiyo angeweza kula. Lakini wodi haikupewa habari, na Mama alipewa chakula saa kumi na mbili jioni. Kwa mujibu wa vitabu vyetu alikaa saa kumi na nane bila kula, na usiku ule akafunga tena hadi alipopasuliwa saa tatu asubuhi. Tunaelewa kwa nini kwenu zilikuwa siku mbili. Saa nne za mchana ule zilikuwa kosa letu. Pia angeweza kunywa maji kidogo asubuhi, na hatukumruhusu. Ninyi mlikaa kwenye benchi siku nzima bila kuambiwa neno. Kwa yote haya tunawaomba radhi.*

*Hatuwezi kuahidi kwamba upasuaji hautaahirishwa tena, kwa sababu dharura hazina ratiba. Lakini kuanzia wiki hii, upasuaji ukiahirishwa, chumba cha upasuaji kinapiga simu wodini saa hiyohiyo, na muuguzi anamwambia mgonjwa na ndugu zake. Msimamizi wa wodi ndiye anayehakikisha.*

*Kibuyu kilioshwa na mtumishi wetu, kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, kama tunavyoosha vyombo vya wodi. Hakikupaswa kuoshwa hivyo, wala kurudishwa kitupu. Tunajua kilikuwa cha nani. Aliyekiosha anasikitika, na ameomba akitengeneze kwa mikono yake mkimruhusu.*

*Mama Filomena, tezi lako lote limetolewa. Vidonge vile vinafanya kazi ambayo tezi lilikuwa linafanya, kwa hiyo usiviache hata ukijisikia mzima. Tarehe ishirini na mbili tunataka kukupima damu tujue kama vinakutosha. Ukiwa bado umetukasirikia, njoo hivyohivyo na hasira yako. Ukifika getini uliza Kissa, nitakupeleka mwenyewe. Namba yangu ya simu iko chini.*

Mstari wa kibuyu ulileta mabishano. Mwita alisema katika miaka yake kumi na miwili ya kazi hakuna barua ya hospitali iliyoahidi kutengeneza kibuyu.

"Si hospitali iliyoahidi," Kissa alisema. "Ni mtu. Violeth, unaweza kweli?"

"Bibi anaweza," nilisema. "Na mimi nikiwa naye. Maji ya moto na majivu siku nyingi, kinakaa juani, halafu moshi. Harufu itatoka. Si mara moja."

"Basi tuandike 'kwa mikono yake', tusiseme lini," Mwita alisema, na hapo nikajua amekubali.

Mstari wa simu pia ulichelewa. Kissa hakukubali uandikwe mpaka Sista Perpetua alipokwenda chumba cha upasuaji, akaongea nao, na namba ya wodi ikabandikwa ukutani karibu na mlango. "Sasa ni kweli," alisema, "andika." Mganga Mfawidhi alisoma barua yote akiwa amesimama, akauliza kama simu ile imeshaanza kupigwa, akaambiwa jana imepigwa mara moja. Akasaini chini ya jina la Kissa.

Nilipeleka bahasha stendi mwenyewe, imefungwa kwa gundi. Kondakta alikuwa yuleyule.

"Hii nayo ikae mbele?"

"Ikae mbele," nilisema. "Na usiweke kuku karibu."

Aliniangalia kama mtu aliyesikia kiti kikiongea.

*

Tarehe ishirini na mbili nilianza kufagia getini kabla ya saa moja. Hakuna aliyenituma huko. Basi la kwanza kutoka upande wa Mbulu lilishusha watu, hawakuwemo. La pili likashusha mama mmoja mwenye mtoto na gunia la maharage. Mlinzi, Ezekiel, aliniambia, "Dada, hapo umefagia mpaka udongo umeisha. Utatokea upande wa pili wa dunia."

Saa nne likaja jingine. Alishuka kwanza Mzee Sulle, na koti lake na fimbo. Akageuka akampa mkono mke wake. Mama Filomena alikuwa na kitenge cha kijani, kitambaa chepesi shingoni, na kwa mkono wa kushoto alikumbatia kitu kilichofunikwa kanga.

Niliweka fagio chini.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," mzee alisema. Alinitazama muda mrefu, kama alivyonitazama siku ile. "Ni wewe."

"Ni mimi."

"Barua ilisema aliyekiosha anasikitika. Mama akaniambia nimsomee hapo mara tatu. Mara ya nne nikakataa, macho yalikuwa yameanza kuuma."

"Mwongo," Mama Filomena alisema. Sauti yake ilikuwa imerudi, nzito kidogo. "Mara ya nne alisoma mwenyewe pale pa saa nne. Anasema, unaona, nilikuambia walikuwa wametusahau! Akafurahi kama ameshinda kesi."

"Si nilishinda?"

"Ulishinda. Sasa nyamaza niongee na binti." Akaniuliza kwa Kiiraqw mimi ni wa wapi. Nikamwambia Tumati, nikamtajia bibi yangu, Qamara. Akafikiri. "Aliyekuwa anauza siagi sokoni, jicho moja bovu?"

"Huyohuyo."

"Na mjukuu wa Qamara anaosha kibuyu kwa sabuni!" Akapiga mkono mdomoni, mabega yakatikisika, akacheka mpaka mzee akamshika bega. Ezekiel naye akacheka bila kujua anacheka nini. Uso wangu ulikuwa wa moto, lakini nilijikuta nami nacheka.

Kissa alikuja anakimbia kutoka ofisini, akawaamkia, akampeleka mama maabara mwenyewe kama ilivyoandikwa. Mzee alibaki na mimi. Tulikaa benchi lilelile la siku ile. Baada ya dakika chache Sista Perpetua akapita, akamweleza kwamba damu imechukuliwa, majibu yatachukua muda, na mama anaweza kula chochote. Mzee akamjibu, "Ahsante, sista," halafu alipokwenda akaniambia kwa sauti ndogo, "Sasa hata sijauliza, wananiambia."

Majibu yalipotoka daktari aliongeza dawa kidogo, akampa vidonge vingine na tarehe ya kurudi. Kissa aliiandika kwa tarakimu kubwa kwenye kadi. Mama Filomena aliipokea, akaitia kifuani.

Kisha akafunua kanga, akanipa kibuyu.

Nilikipokea kwa mikono miwili. Nilitoa mfuniko wenye shanga tatu, nikanusa. Bado kilinuka hospitali.

"Tarehe hiyo tutakuja kukichukua," alisema. "Mwambie Qamara asiharakishe moshi."

"Sawa, mama."

Mzee alikuwa ameshaanza kwenda stendi. Akasimama, akanyoosha fimbo kuelekea kwangu.

"Na ng'ombe wenu wanakamuliwa?"

"Wawili, mzee."

"Vizuri," alisema. "Maana sitaki kukipokea kitupu."